Siku mbaya au siku ya kawaida? Mwongozo wa kutumia mkengeuko sanifu kwenye oda na matumizi ya matangazo

Jumatano asubuhi unafungua ripoti ya kampeni. Jana, Jumanne, zimeingia oda 36. Jumanne iliyotangulia ziliingia 59. Kabla hujamaliza kusoma, ujumbe umeshafika kutoka kwa mwenye biashara: "Oda zimeshuka asilimia 39, kuna nini?"

Swali lake ni la haki, na mtu aliyewekeza fedha zake ana kila sababu ya kuuliza. Tatizo ni kwamba linalinganisha siku mbili tu, na siku mbili haziwezi kukuambia kama kuna jambo. Ili kumjibu unahitaji kujua Jumanne za kampeni hii huwa zinayumba kiasi gani pale ambapo hakuna chochote kilichoharibika. Mkengeuko sanifu unapima hicho. Nitautumia kwenye kampeni moja tangu mwanzo hadi mwisho, nikionyesha mahali ambapo watu wengi, mimi nikiwemo, wamekosea.

Anza na Jumanne nane

Hizi ni oda za Jumanne nane zilizotangulia, kwa mpangilio wa tarehe: 47, 58, 41, 52, 60, 45, 38, 59.

Jumla ni 400, kwa hiyo wastani ni 50. Sasa angalia kila Jumanne ilikuwa mbali kiasi gani na 50. Ya kwanza ilikuwa chini kwa 3, ya pili juu kwa 8, ya tatu chini kwa 9, halafu juu kwa 2, juu kwa 10, chini kwa 5, chini kwa 12, juu kwa 9. Ukijumlisha tofauti hizo kama zilivyo utapata sifuri, kwa sababu za juu na za chini zinafutana. Ndiyo maana kwanza tunazidisha kila tofauti kwa yenyewe: 9, 64, 81, 4, 100, 25, 144, 81. Jumla yake ni 508. Gawanya kwa 7, yaani idadi ya siku ukitoa moja, upate karibu 72.6. Kipeuo cha pili cha hiyo ni 8.5.

Hiyo 8.5 ndiyo mkengeuko sanifu wa Jumanne za kampeni hii. Kwa maneno ya kawaida, Jumanne isiyo na tatizo lolote inaweza kukaa mbali na 50 kwa oda nane au tisa, juu au chini, na usishangae.

Turudi kwenye ile 36. Iko chini ya wastani kwa 14. Gawanya 14 kwa 8.5 upate 1.6, maana yake iko mikengeuko 1.6 chini ya wastani. Mtikisiko wa kawaida unaweza kabisa kuifikisha hapo. Ile 59 ya wiki iliyopita nayo ilikuwa juu ya wastani, na ndiyo ikaifanya 36 ionekane ni maporomoko. Ukimjibu mwenye biashara, usimwambie tu "ni kawaida". Mtumie namba nane pamoja na hii ya tisa, umwonyeshe kwamba kampeni hiyohiyo iliwahi kushuka hadi 38 na wiki moja baadaye ikapanda hadi 59 bila mtu yeyote kugusa kitu.

Bila mtu kugusa kitu: hapo ndipo penye hasara ya kweli. Niliwahi kusimamia kampeni ambayo ilipata siku mbili dhaifu, nikabadilisha matangazo na kupunguza dau. Siku ya tatu oda zikapanda, na nikaandika kwenye ripoti kwamba mabadiliko yangu yamefanya kazi. Hayakuwa yamefanya kazi yoyote. Siku mbili za chini mara nyingi hufuatwa na siku iliyo karibu zaidi na wastani, uguse usiguse. Kwa miezi kadhaa niliendelea kuamini mbinu ambayo sikuwahi kuwa na ushahidi nayo, na kila nilipoitumia nilikuwa naulazimisha mfumo wa dau uanze kujifunza upya.

Usichanganye siku za wiki

Kosa ninaloliona mara nyingi ni kuchukua siku 30 zilizopita, zote kwa pamoja, na kuzitafutia wastani na mkengeuko mmoja. Fomula inakubali na namba inatoka, lakini haifai kitu.

Jumapili za kampeni hiyohiyo ni hizi: 22, 29, 19, 25, 30, 17, 27, 23. Wastani wake ni 24 na mkengeuko ni 4.6. Sasa changanya Jumanne nane na Jumapili nane. Wastani unakuwa 37, jambo ambalo halielezi Jumanne wala Jumapili yoyote. Mkengeuko unapanda hadi 15, kwa sababu sasa unapima tofauti kati ya Jumanne na Jumapili, tofauti ambayo tayari unaijua.

Tuseme kengele yako inalia siku ikitoka nje ya mikengeuko mitatu. Mara tatu ya 15 ni 45. Mpaka wa juu ni 82, na mpaka wa chini ni 37 kutoa 45, yaani hasi 8. Oda haziwezi kuwa chini ya sifuri. Maana yake Jumanne ikipita bila oda hata moja, tovuti ikiwa imezimika siku nzima, jedwali lako halitasema neno. Na Jumapili ikileta oda 50, zaidi ya mara mbili ya kawaida yake, nayo itapita kimya.

Kwa hiyo Jumanne inalinganishwa na Jumanne na Jumapili inalinganishwa na Jumapili. Mpaka wa chini wa Jumanne ni 50 kutoa 25.6, karibu 24, na wa juu ni 76. Wa Jumapili ni 10 na 38. Hiyo ni mipaka inayoweza kukwambia kitu.

Wiki nane ni maelewano. Ukichukua nne, mkengeuko unategemea namba chache mno. Ukichukua ishirini na sita, unaingiza siku za msimu mwingine, bei nyingine, pengine hata bidhaa nyingine. Kama biashara yako imetulia, wiki kumi na mbili ni bora kuliko nane, na sababu yake utaiona mbele.

Jedwali lenyewe

Fungua jedwali la kompyuta la Google Sheets. Safu ya A ni tarehe, B ni oda, C ni namba ya siku ya wiki, na D ni alama ya 1 kwa siku inayohesabika au 0 kwa siku isiyohesabika. Data inaanzia mstari wa 2, na hakikisha hakuna tarehe iliyorukwa. Siku iliyokosa oda iandikwe 0, isiachwe wazi. Siku 56 za kwanza ni za msingi, hivyo hesabu inaanzia mstari wa 58.

```
C2: =WEEKDAY(A2,2)
E58: =AVERAGE(FILTER(B2:B57,C2:C57=C58,D2:D57=1))
F58: =MAX(STDEV(FILTER(B2:B57,C2:C57=C58,D2:D57=1)),SQRT(E58))
G58: =(B58-E58)/F58
H58: =IF(ABS(G58)>3,"ANGALIA","")
```

Fomula ya C iandike kuanzia C2, kisha zote zivute hadi chini. Kila mstari utaangalia siku 56 zilizoutangulia, uchague zile zenye siku moja ya wiki na yenyewe, na utoe wastani, mkengeuko na umbali. Tumia `STDEV`, ambayo inagawanya kwa idadi kutoa moja, na si `STDEVP`.

Kuna vitu viwili humo vinavyohitaji maelezo. Cha kwanza ni `SQRT(E58)` kwenye safu ya F. Oda ni vitu vinavyohesabiwa kimojakimoja, na vitu vya namna hiyo vikiingia kwa kujitegemea, mtikisiko wake hukaribia kipeuo cha pili cha wastani. Kwa wastani wa 50, kipeuo ni 7.1. Mkengeuko wetu wa 8.5 uko juu kidogo, na hivyo ndivyo data ya kweli inavyokuwa mara nyingi. Lakini kwa bahati tu, namba nane zinaweza kuja zimefanana sana, mkengeuko ukatoka 3, na kuanzia hapo kila Jumanne ikapiga kengele. Sehemu hiyo ya fomula inauzuia mkengeuko usishuke chini ya kile ambacho bahati yenyewe huleta. Jumapili zetu ni mfano mzuri: mkengeuko wake ulitoka 4.6, lakini kipeuo cha pili cha 24 ni 4.9, hivyo jedwali litatumia 4.9 na mipaka itatanuka kidogo tu, iwe 9 na 39.

Cha pili ni kwamba masafa yanaishia B57, mstari mmoja kabla ya siku tunayoipima. Hili linastahili kifungu chake.

Siku inayopimwa isijipime yenyewe

Chukua Jumanne nyingine, yenye oda 21. Ukiipima kwa zile nane zilizotangulia, iko chini kwa 29. Gawanya kwa 8.5 upate mikengeuko 3.4. Kengele inalia, kama inavyopaswa.

Sasa fanya kosa dogo. Badala ya kuishia siku iliyotangulia, iache fomula ijumuishe na leo, kwa kuiangusha Jumanne ya zamani kabisa na kuiingiza hii ya 21. Wastani unashuka hadi 46.8 na mkengeuko unavimba hadi 13.4. Ile 21 sasa iko mikengeuko 1.9 tu chini. Siku mbaya imeuvuta wastani kuelekea kwake na imeupanua mkengeuko, ikajificha ndani ya mpaka iliousogeza yenyewe.

Na hali ni mbaya kuliko inavyoonekana. Kwa namba nane, ikiwemo ile inayopimwa, umbali mkubwa kabisa unaowezekana kihesabu ni mikengeuko 2.47. Hata oda zikishuka hadi sifuri au zikifika milioni, haziwezi kufika 3. Jedwali la namna hiyo halitalia maisha yake yote, na mwenye nalo atadhani kampeni zake zimetulia.

Madhara hayohayo yanaendelea wiki zinazofuata ukiiacha ile 21 kwenye msingi. Mpaka wa chini wa Jumanne ijayo unashuka kutoka 24 hadi 7. Ndiyo kazi ya safu ya D. Siku ikishapiga kengele na ukajua sababu yake, iandikie 0 ili isiingie tena kwenye wastani. Fanya hivyo pia kwa siku za punguzo kubwa, za sikukuu, na siku tovuti ilipozimika.

Hapa nidhamu inahitajika. Siku inaondolewa kwa sababu inayojulikana, na sababu hiyo iandikwe pembeni. Ukianza kuondoa siku kwa kuwa tu zimekaa vibaya, mkengeuko utasinyaa wiki hadi wiki na siku za kawaida zitaanza kuitwa za ajabu.

Mikengeuko miwili au mitatu?

Walter Shewhart alipochora chati yake ya kwanza ya udhibiti mwaka 1924, akifanya kazi Western Electric, swali lake lilikuwa hilihili kwa bidhaa za kiwandani: ni wakati gani inafaa kusimamisha kazi kutafuta sababu, na ni wakati gani kutafuta sababu ni kupoteza muda? Alichagua mitatu, na sababu yake ilikuwa ya kiuchumi kuliko ya kihesabu. Mpaka ukiwa karibu mno unakimbiza mambo yasiyokuwepo, na ukiwa mbali mno unakosa yaliyopo.

Vitabu vinasema kwamba, data ikijipanga kwa umbo la kengele, yaani nyingi karibu na wastani na chache mbali nao, siku 1 kati ya 22 hutoka nje ya mikengeuko miwili kwa bahati tu, na siku 1 kati ya 370 hutoka nje ya mitatu. Watu huzichukua namba hizo na kuzitumia moja kwa moja. Lakini zinahusu mtu anayeujua wastani na mkengeuko wa kweli. Sisi tuna Jumanne nane. Wastani wetu ni makadirio, na mkengeuko wetu nao ni makadirio. Ukiuweka udhaifu huo kwenye hesabu, mpaka wa mikengeuko miwili unalia bure karibu siku 1 kati ya 10, na wa mitatu karibu siku 1 kati ya 40.

Tafsiri hiyo kwa wiki. Ukifuatilia kipimo kimoja kila siku kwa mpaka wa mikengeuko miwili, utapata kengele ya bure karibu kila wiki na nusu. Kwa mitatu utaipata karibu mara moja kila wiki sita, na hiyo inavumilika. Wiki kumi na mbili za msingi zinaipunguza zaidi, ndiyo sababu nilisema ni bora kama biashara imetulia.

Lakini kuwa mwangalifu na idadi ya vitu unavyovifuatilia. Akaunti yenye kampeni 12, kila moja ikipimwa oda na matumizi, ni vipimo 168 kwa wiki. Hata kwa mikengeuko mitatu utapata kengele nne hivi za bure kila wiki, na baada ya mwezi hakuna atakayezifungua. Mimi huweka kengele kwenye jumla ya akaunti na kwenye kampeni mbili tatu zinazobeba fedha nyingi. Nyingine nazifungua pale jumla inapolia, kutafuta shida imeanzia wapi.

Oda zinazochelewa kuonekana

Hili huwachanganya hata wazoefu. Kwenye Google Ads, safu ya kawaida ya `Conversions` huihesabu oda kwenye siku ambayo mtu alibofya tangazo, si siku aliyonunua. Aliyebofya Jumanne akanunua Ijumaa anaongezwa kwenye Jumanne. Kwa hiyo Jumanne ikisomwa Jumatano asubuhi bado haijakomaa. Ukiilinganisha na Jumanne nane ambazo zimeshakomaa, kila jana itaonekana dhaifu, na utakuwa na kengele ya kushuka kila asubuhi.

Kuna njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni kusubiri: pima siku ikishafikisha siku tatu, au zaidi kama wateja wako huchukua muda kuamua. Ya pili ni kulinganisha umri kwa umri. Kila asubuhi, saa ileile, andika namba ya jana kama inavyoonekana wakati huo kwenye jedwali la pili, na usiibadilishe tena. Baada ya wiki nane unakuwa na msingi wa "Jumanne kama zinavyoonekana Jumatano asubuhi", wenye wastani wake wa chini zaidi, pengine 41 badala ya 50. Ipo pia safu ya `Conversions (by conv. time)`, inayopanga oda kwa siku ya kununua. Hiyo inafaa kwa kengele ya haraka, ingawa haikai sawa na matumizi ya siku hiyo ukitaka kujua gharama kwa kila oda.

Mimi natumia zote mbili, na sababu ni ile Jumanne ya oda 21.

Kengele ikilia: Jumanne ya oda 21

Wakati huo nilikuwa nasubiri siku tatu, kwa hiyo niliiona Ijumaa. Kwanza niliangalia mibofyo. Jumanne zilizotangulia zilikuwa na wastani wa mibofyo 1,250 na mkengeuko wa 60, na siku hiyo ilikuwa 1,270. Matumizi nayo yalikuwa palepale. Basi matangazo yalionyeshwa na watu walibofya. Shida ilikuwa baada ya kubofya.

Halafu nilifungua daftari la mauzo la biashara yenyewe, lisilotegemea mfumo wa matangazo. Jumanne huwa wanauza oda 90 hivi kutoka vyanzo vyote. Siku hiyo waliuza 87. Watu walinunua kama kawaida. Kwa hiyo oda hazikuwa zimeshuka, ila kilichozihesabu kilikuwa kimeacha kuziona.

Kilichobaki ni kuzigawa. Jumanne ya kawaida huleta oda 32 kutoka kwenye simu na 18 kutoka kwenye kompyuta. Hiyo ilileta 4 na 17. Kompyuta salama, simu zimekatika. Fundi wa tovuti alikuwa ameweka ukurasa mpya wa shukrani kwa wanaonunua kwa simu, alfajiri ya siku hiyo, bila msimbo wa ufuatiliaji. Kuurudisha ilikuwa kazi ya dakika kumi.

Lakini Jumatano na Alhamisi nazo zilikuwa zimeshapotea, na kwa siku hizo zote tatu mfumo wa dau ulikuwa unajifunza kwamba watu wa simu hawanunui. Ningekuwa na jedwali la umri kwa umri, ningeliona Jumatano asubuhi. Siku zote tatu niliziandikia 0.

Ona mpangilio huo: mibofyo na matumizi kwanza, halafu chanzo kingine cha mauzo, halafu kugawa kwa kifaa, ukurasa au kampeni. Ukianzia kwenye kugawa utapata kipande fulani kilichoshuka kila mara, kwa sababu vipande vidogo huyumba zaidi, na utakiita sababu.

Kampeni ndogo

Kampeni inayoleta wastani wa oda 3 kwa siku haifai kengele ya kila siku. Kipeuo cha pili cha 3 ni 1.7, na mpaka wa chini unaangukia chini ya sifuri. Zaidi ya hapo, kampeni ya namna hiyo ikiwa na afya kamili hupata siku ya sifuri karibu mara 1 kila siku 20. Sifuri moja haina habari.

Jumlisha kwa wiki. Oda 21 kwa wiki zina kipeuo cha karibu 4.6, kwa hiyo mpaka wa chini ni 7. Hapo pana nafasi ya kuona kitu, na kwa kuwa wiki ina siku zote saba, tatizo la kuchanganya siku halipo. Kama hata kwa wiki hazifiki kumi, jumlisha kampeni zinazofanana.

Matumizi yana tabia yake

Matumizi hayayumbi kama oda kwa sababu bajeti imeyashika. Kampeni inayomaliza bajeti kila siku inaweza kuwa na wastani wa 100 na mkengeuko wa 1.5. Mikengeuko mitatu ni 4.5 tu, na siku ya 106 itapiga kengele kwa jambo ambalo halina uzito wowote. Kwa matumizi naongeza sharti la pili: siku iwe nje ya mikengeuko mitatu na pia iwe mbali na wastani kwa angalau asilimia 15. Na kipeuo cha pili cha wastani kiondoe kwenye fomula hapa, kwa kuwa fedha si kitu cha kuhesabu kimojakimoja. Ukibadilisha sarafu, kipeuo hicho kingebadilika bila mtikisiko kubadilika.

```
F58: =STDEV(FILTER(B2:B57,C2:C57=C58,D2:D57=1))
H58: =IF(AND(ABS(G58)>3,ABS(B58-E58)>0.15*E58),"ANGALIA","")
```

Pia jua kanuni za mfumo unaoutumia. Google Ads inaruhusiwa kutumia hadi mara mbili ya bajeti ya siku kwa siku moja, ilimradi mwezi usizidi bajeti hiyo mara 30.4. Siku ya 180 kwa bajeti ya 100 inaweza kuwa halali kabisa. Inastahili kuangaliwa, lakini usikimbilie kusitisha kampeni. Matumizi yakishuka ghafla karibu na sifuri, hapo usisubiri hesabu: angalia malipo ya akaunti na kama matangazo yamekataliwa.

Kinachovuja polepole

Mpaka wa mikengeuko mitatu unakamata kishindo. Haukamati kampeni ambayo Jumanne zake zimeshuka kutoka 50 hadi 43 na siku nyingine nazo zimeshuka kwa uwiano huohuo. Huenda hakuna siku hata moja itakayovuka mpaka, na baada ya wiki nane msingi wenyewe utakuwa umeshuka pamoja nayo.

Kwa hilo tazama ishara tu kwenye safu ya G. Siku nane mfululizo upande mmoja wa wastani, za chini zote au za juu zote, ni nadra: kwa siku nane zozote, uwezekano wa bahati kuleta hivyo ni 1 kati ya 128.

```
I65: =IF(OR(MAX(G58:G65)<0,MIN(G58:G65)>0),"MFULULIZO","")
```

Mfululizo ukitokea, usitafute kilichoharibika jana. Rudi kwenye siku ya kwanza ya mfululizo na uangalie kilichobadilika siku mbili tatu kabla yake: bei, mshindani mpya, tangazo lililosimamishwa, gharama ya usafirishaji. Ukiipata sababu na ikawa ni ya kudumu, mathalani bei imepanda na haitashuka, basi wastani wa 50 si wa kampeni hii tena. Ziandikie 0 siku zote za kabla ya badiliko na uanze msingi upya. Fomula zitaonyesha hitilafu kwa wiki mbili za kwanza, kwa sababu mkengeuko unahitaji angalau namba mbili za siku ileile. Hata baada ya hapo, hadi zifike wiki nane, mipaka itakuwa ya kuyumba. Katika kipindi hicho mimi huangalia jumla ya wiki dhidi ya wiki zilizopita tangu badiliko, na kengele za kila siku nazizima.